Efavirenzi na Huzuni Isiyo na Sababu

Efavirenzi ni dawa izuiayo kuzaana kwa virusi vya UKIMWI. Iliidhinishwa kwanza mwaka 1998, na kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa Afrika waliimeza kila usiku. Ingawa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitanguliza dolutegraviri, wapo ambao bado wanaitumia.

Dawa hii huingia hata katika ubongo. Siku za mwanzo mgonjwa huota ndoto kali zenye rangi na sauti, akaamka na kizunguzungu. Kwa wengi hali hiyo hutulia baada ya wiki mbili hadi nne. Lakini huzuni inayozuka baadaye ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeitumia miaka miwili kwa salama. Sasa anakuja kliniki akiwa mnyonge: hapendi tena kufundisha, ndoto zimerudi, na akitembea anayumba. Swali la kwanza la tabibu, tena la waziwazi, ni iwapo amewaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na jibu la ndiyo hubadili haraka ya kila kitu. Mwalimu huyu anakana. Ndipo huulizwa: hali ilianza lini, na ni nini kilichobadilika kabla yake? Je, kuna msiba, pombe, homa, au kuumwa kichwa? Homa na kichwa humfanya tabibu atafute uambukizo wa utando wa ubongo, asiisingizie dawa.

Mwalimu hana hayo. Ila wiki sita zilizopita alianza izoniazidi, ya kukinga kifua kikuu. Hapo ndipo penye fundo. Efavirenzi huvunjwa katika ini, hasa na kimeng'enya CYP2B6. Watu si wachache barani Afrika waliorithi kwa wazazi wote wawili aina dhaifu ya kimeng'enya hicho; kwao ini hutegemea zaidi njia ya pembeni. Izoniazidi huiziba njia hiyo, na dawa hujaa katika damu kama maji nyuma ya boma. Izoniazidi yenyewe nayo yaweza kuvuruga akili, kwa hiyo tabibu huhakikisha kwamba mgonjwa anapewa vitamini B6.

Kosa kubwa ni mgonjwa kuacha vidonge vyote nyumbani. Efavirenzi hukawia mwilini siku nyingi kuliko dawa wenzake. Hubaki peke yake, na virusi hujifunza kuishinda. Ushahidi ukielekea kwenye dawa, tabibu humhamishia mgonjwa kwenye dolutegraviri moja kwa moja, bila pengo, kisha humwona tena baada ya wiki chache. Kuyumba kukiisha na huzuni ikabaki, hutibiwa kama sonona ya kawaida.