Dakika 36 Bila Jua

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Katika kimo kile cha kilomita 400 hivi, chombo huizunguka Dunia kwa dakika 92, na kwa kawaida dakika 36 kati ya hizo hupita ndani ya kivuli chake. Huko paneli za sola hazitoi kitu. Betri pekee ndiyo hubeba mzigo.

Tupige hesabu ya mfano kwa kisanduku cha ukubwa huo. Tuseme paneli zake hutoa wastani wa wati 2, nayo kompyuta na redio ya kupokea hula wati 1 mchana na usiku. Kwa dakika 56 za jua huvuna wati-saa 1.87. Matumizi ya papo hapo huchukua 0.93. Kivulini betri itatoa 0.6, lakini kwa kuwa umeme hupotea wakati wa kuchaji, lazima irudishiwe kama 0.7. Inabaki akiba ya wati-saa 0.24 tu.

Sasa washa redio ya kutuma inayokula wati 2 zaidi, kwa dakika 10 kila mzunguko. Hiyo ni 0.33. Pengo la 0.09 laonekana dogo, ila chombo huzunguka zaidi ya mara 15 kwa siku, na betri ya wati-saa 10 itakauka kwa wiki moja hivi.

Kwa nini basi kubeba betri ya 10, wakati kivuli kinadai 0.6? Kwa sababu betri ya lithiamu inayokamuliwa hadi chini huchakaa upesi, na hii itatumika na kuchajiwa mara 5,700 hivi kwa mwaka. Baridi nayo ina gharama yake: lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri huharibika, hivyo huenda ikahitaji kipasha joto, nacho hula umeme ule ule. Wanaoanza kusanifu husahau hili mara nyingi mno.

Dalili ya hatari huonekana kwenye volti za betri pale chombo kinapotoka kivulini, kwani hapo ndipo zinapokuwa chini kabisa. Zikishuka kidogo kila mzunguko, bajeti inavuja, hata kama mchana betri inaonekana inachaji vizuri. Kompyuta iliyopangwa vyema haisubiri: huzima kamera na redio ya kutuma, ikabakiza kupokea tu.

Kwa kisanduku chetu dawa ni kutuma pale tu kinapopita juu ya kituo chake cha ardhini, mara chache kwa siku. Mizunguko mingine yote huweka akiba yake ya 0.24, na bajeti inatosha.