Andika bei mara moja tu, lebo za shelfu zijijaze zenyewe

Wadau, kama bei ziko kwenye Google Sheets halafu unaziandika tena kwa mkono kwenye lebo, iko siku zitapishana. Mimi mchele nilipandisha kutoka 2,800 hadi 3,000 kwenye orodha, lebo nikaisahau. Kila mteja ananionesha lebo, nauza kwa 2,800. Zikatoka kilo 40 hivyo, nikapoteza 8,000.

Dawa yake ni lebo ivute bei kutoka kwenye orodha.

Ukurasa wa kwanza uite Bei. Safu A weka jina na kipimo, safu B bei, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 25. Hapo una bidhaa 24. Bei andika namba tupu, yaani 3000. Ukiandika 3000/= inageuka maandishi, na utaijua kwa sababu inakaa kushoto mwa seli badala ya kulia.

Ukurasa wa pili uite Lebo. Kwenye A1 weka hii:

```
=INDEX(Bei!$A$2:$A$25,(ROW()-1)/2*3+COLUMN())
```

Kwenye A2 weka hii:

```
=INDEX(Bei!$B$2:$B$25,(ROW()-2)/2*3+COLUMN())
```

Kopi A1 na A2 kwa pamoja, kisha pesti kuanzia A1 hadi C16. Mstari wa juu unaleta jina, wa chini unaleta bei. Nimetenganisha mistari kwa sababu seli yenye fomula haikubali saizi mbili za herufi. Jina naweka 14, bei 32, isomeke kwa mbali. Kila jozi izungushie mpaka.

Sisi wa Tarime tuna jambo letu. Ukiuza upande wa Sirari, mteja aliyevuka kutoka Isebania akiona 3,000 tupu anaweza kudhani ni shilingi ya Kenya. Chagua seli zote za Lebo, nenda Format > Number > Custom number format, uandike:

```
"TSh "#,##0
```

Kuprinti, usipeleke faili lenyewe stesheni, maana kompyuta yao inaweza kubadilisha vipimo. Nenda File > Download > PDF, chagua A4 na Fit to page, ondoa tiki kwenye Show gridlines. PDF hiyo ndiyo unawatumia WhatsApp. Waambie waprinti kwa Actual size, la sivyo lebo zinaweza kupungua zisijae kwenye ukingo wa shelfu. Printi karatasi moja kwanza, ijaribu kwenye shelfu, ndipo uendelee. PDF hiyohiyo unaweza kumtumia mteja wa mtandaoni anayeuliza bei.

Kumbuka, fomula inaishia kwenye karatasi. Ukibadilisha bei, printi upya na ubandue lebo ya zamani siku hiyohiyo, kabla hujafungua duka.