Tangazo Moja, Watazamaji Tofauti

Muuza viatu wa Kariakoo mwenye tovuti yake anafungua Meta Ads Manager ili atangaze Facebook na Instagram. Kabla hajaweka picha wala bei, anatakiwa kuchagua lengo. Yapo sita, yakiwemo Awareness, Traffic na Sales. Wengi hubonyeza lolote ili wafike kwenye picha upesi, kumbe hapo ndipo watazamaji wanapoanza kuchujwa.

Tuseme anawalenga wanawake wa Dar es Salaam wenye miaka 25 hadi 40. Bajeti yake haiwezi kuwafikia wote, hivyo mfumo unamchagulia. Kila nafasi ya tangazo hunadiwa, na mwenye dau kubwa si lazima ashinde. Meta huzidisha dau kwa uwezekano wa mtu huyo kufanya kitendo kilichoombwa, kisha huongeza alama ya ubora wa tangazo. Ukibadilisha lengo, umebadilisha kitendo, na mtu aliyefaa jana leo anarukwa.

Awareness husaka macho mengi kwa bei nafuu, hata ya watu wasiobonyeza kitu. Traffic huwafuata wenye vidole vyepesi. Sales huwatafuta wanaoelekea kununua. Hao ni wachache, wanagombewa na wafanyabiashara wengi, na kuwafikia ni ghali.

Ndiyo maana Traffic hudanganya. Ripoti inaonyesha mibonyezo 900 na oda mbili, mwenye duka analaumu viatu. Atazame kwanza safu mbili: Link clicks na Landing page views. Ya pili ikiwa ndogo sana, huenda tovuti ni nzito au watu waligusa kwa bahati mbaya. Zikikaribiana na bado hakuna oda, bei au ukurasa huenda una kasoro, lakini pia mfumo umeleta wabonyezaji kama ulivyoagizwa.

Basi achague Sales? Ina masharti. Tovuti iwe na Pixel, kipande cha msimbo kinachoiarifu Meta kwamba mtu amenunua. Tena mfumo huhitaji matukio kama 50 kwa wiki, kwa kila kundi la matangazo, ndipo utulie. Ikiwa kila oda inamgharimu shilingi 8,000 za matangazo, hiyo ni shilingi 400,000 kwa wiki. Mwenye shilingi 70,000 atapata oda nane au tisa, kiasi kidogo mno cha kuufunza mfumo. Afadhali aombe tukio la karibu zaidi, kama kuweka kiatu kwenye kikapu.

Kisha kuna desturi yetu: mteja anaona kiatu, anahamia WhatsApp, analipa kwa M-Pesa. Pixel haioni chochote. Muuzaji wa namna hiyo hufaa achague Engagement na kuomba mazungumzo ya WhatsApp. Ataletewa wapenda kuuliza, wakiwemo wa “bei gani?” halafu kimya, kwa hiyo ahesabu mwenyewe, kwa kila kampeni, ni mazungumzo mangapi yaliyofika kwenye malipo.