Mita 30 Kutoka Kwenye Nguzo

Mwenye nyumba mpya mjini Tanzania anapoomba umeme, kinachoamua atalipa kiasi gani ni umbali kati ya nguzo ya TANESCO iliyo karibu na ukuta ambako waya utatua. Idadi ya vyumba haihesabiwi, wala ukubwa wa nyumba. Kwa bei zilizorejeshwa Januari 2022, nyumba ya umeme wa njia moja iliyo ndani ya mita 30 hulipiwa shilingi 320,960. Ikihitaji nguzo moja, bei hupanda hadi 515,618. Ikihitaji mbili, ni 696,670. Vijijini bei ilibaki 27,000, na kwa muda kabla ya hapo hata wa mjini walilipa hiyo hiyo.

Wengi huzijua bei hizo wakati nyumba imekwishapigwa plasta na rangi. Hapo kuna jambo moja lililokuwa mikononi mwao tangu mwanzo, nalo limekwishapita.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye mtaa ambao nguzo zimefika lakini hazijaingia ndani. Fundi wa umeme, kwa kufuata mazoea, ameweka mein swichi kwenye ukuta wa nyuma karibu na jiko, kwa kuwa huko ndiko soketi nyingi ziliko. Kutoka kwenye nguzo hadi ukuta huo ni mita 41. Lakini kutoka nguzo hiyo hiyo hadi kona ya baraza ya mbele ni mita 29. Sevea wa shirika akija na kukuta mahali pa kupokelea waya ni nyuma, ataandika nguzo moja. Kama mein swichi ingekaa upande wa baraza, nyumba ingekuwa ndani ya mita 30. Tofauti yake ni shilingi 194,658, na yote imetokana na uamuzi wa fundi wa kuchagua ukuta. Waya wa ndani kutoka baraza hadi jikoni unagharimu sehemu ndogo tu ya fedha hiyo.

Mita 30 zina sababu yake. Waya unaotoka kwenye nguzo kwenda nyumbani huning'inia hewani bila kitu cha kuushika katikati. Kadiri unavyorefuka ndivyo unavyolegea na kushuka, ndivyo upepo unavyouyumbisha, na ndivyo unavyovuta kishikio kilichochimbiwa ukutani. Gari la mchanga likipita chini ya waya uliolegea linaweza kuunasa. Waya mrefu pia hupoteza nguvu ya umeme njiani. Kwa hiyo fundi wa wayaringi anapaswa kuonyeshwa nguzo kabla hajapasua ukuta wa kwanza, na mwenye nyumba aje na futi kamba apime mwenyewe. Apime kutoka nguzoni hadi ukutani, maana mpaka wa kiwanja si kipimo. Aangalie pia kama waya utapita juu ya uwanja au paa la jirani, kwa sababu hilo huzua ugomvi hata pale umbali unapotosha.

Nyuma ya nyumba hiyo ya Chanika kuna nyingine, mita 62 kutoka kwenye nguzo ile ile. Huyu hana ukuta wa kuchagua, nguzo moja haiepukiki. Na hapa ndipo linapozuka lalamiko la miaka mingi katika mitaa mipya: aliyelipia nguzo haimiliki. Nguzo ni ya shirika, na mwezi ujao jirani anaweza kuunganishwa kutoka nguzo hiyo kwa bei ya mita 30. Matokeo yake watu husubiriana. Mtaa mzima unaweza kukaa gizani huku kila mmoja akitazama nani atatangulia. Kwa maoni ya mwandishi, huu ni mfumo unaomwadhibu mtu wa kwanza, na majirani wanaochangiana tofauti ile ya bei kwa maandishi, mbele ya mjumbe, wanajitendea haki kuliko wanaosubiriana.

Wengine huchoka kusubiri wakavuta waya kutoka kwa jirani. Shirika linakataza jambo hilo, na hesabu yake ni mbaya kwa wote wawili. Anza na umeme wenyewe. Waya wa shaba wa milimita 1.5, wa aina inayotumika kwenye taa, ukivutwa mita 62 na kuwashia birika la wati 2,000, hupoteza karibu volti 16 njiani. Kama kwa jirani jioni umeme umekwishashuka hadi volti 205, nyumba ya pili inapata kama 189. Friji linahangaika kuanza, mota yake inapata moto, na mwisho wake ni kuungua. Waya wenyewe nao hupata joto, hasa pale ulipoungwa kwa kusokotwa na kufungwa plasta ya nailoni.

Halafu kuna bei. Jirani aliye katika kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ilimradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Akitumia uniti 60 peke yake, analipa 6,000. Nyumba ya pili ikiongeza uniti 50, jumla inakuwa 110: zile 75 za kwanza ni 7,500, na 35 zilizozidi ni 12,250. Bili imekuwa 19,750. Wawili hao wakigawana nusu kwa nusu, mwenye Luku atalipa zaidi ya alivyokuwa akilipa alipokuwa peke yake, na bado anabeba hatari ya kuondolewa kwenye kundi lake. Ugomvi mwingi wa majirani kuhusu tokeni huanzia kwenye hesabu hii ambayo hakuna aliyeikalia chini.

Ombi lenyewe siku hizi si kazi ngumu. Hufanywa kwa mfumo wa Nikonekt, kwenye tovuti au kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#. Kitu cha kwanza kinachotakiwa ni namba ya kitambulisho cha taifa, na jina litakalotokea ndilo litakalosajiliwa. Kama kiwanja ni cha mama na mwombaji ni mwanawe, ni vizuri familia ikubaliane mapema nani aandikwe, badala ya kuja kubadilisha baadaye. Kisha hujazwa mahali nyumba ilipo. Namba ya mita ya jirani wa karibu husaidia sana hapa, kwa sababu mitaa mingi mipya haina majina yanayoeleweka ofisini.

Panapokwamisha wengi ni mkandarasi. Shirika haliunganishi nyumba ambayo wayaringi yake haijathibitishwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kwa kawaida nyaya hutandazwa na fundi wa mtaani wakati wa ujenzi, halafu mwishoni anatafutwa mwenye leseni ili atie sahihi tu. Sahihi ya namna hiyo ni ya hatari. Anayesaini bila kupima anathibitisha asichokijua, na watakaolala ndani ya nyumba hiyo ndio watakaolipa kosa.

Mkandarasi anayefanya kazi yake huja na kifaa cha kupimia ambacho mafundi hukiita mega. Kwanza hupima kama nyaya zimevuja: yaani kama ganda la plastiki limekwanguliwa zilipovutwa ndani ya paipu, au msumari wa dari umegusa waya. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, kuna mahali pana kasoro, na panatafutwa kabla ya kuendelea. Kisha hugeukia eathi.

Eathi ndiyo inayofichika kuliko yote. Ni nondo ya shaba, mara nyingi ya futi nne, inayopigwa ardhini nje ya nyumba na kuunganishwa kwa waya wa kijani na njano hadi mein swichi. Kazi yake ni kuupa umeme uliopotea njia ya kwenda ardhini, ili pasi au friji lenye hitilafu likate swichi badala ya kumngoja mtu aliguse. Fundi anayebana gharama huikata nondo vipande viwili na kuuza kimoja, au huichimbia kwenye kifusi kikavu kilichomwagwa kujazia msingi. Kwa macho zote zinafanana, kichwa cha nondo kikiwa juu ya udongo. Tofauti huonekana kwenye kipimo tu. Mwenye nyumba ana haki ya kusimama pale nondo inapopigwa na kuiona ikizama yote, tena kwenye udongo wa asili wenye unyevu.

Baada ya ombi kukubaliwa, sevea hufika kupima. Inafaa mwenye nyumba awepo, amwonyeshe mahali pa kupokelea waya na asome kilichoandikwa: umbali, idadi ya nguzo, njia moja au njia tatu. Njia tatu ni ya mashine za kusaga, kuchomelea na pampu kubwa, na gharama yake ni kubwa zaidi. Nyumba ya kuishi yenye friji, pasi na televisheni haiihitaji. Makadirio hutolewa yakiwa na kontrol namba, ambayo hulipiwa benki au kwa simu na fedha kuingia moja kwa moja serikalini.

Hapo ndipo vishoka hujitokeza. Kishoka ni mtu anayejifanya mfanyakazi wa shirika, au anayemjua mfanyakazi, akiahidi kuwahisha nguzo kwa malipo ya mkononi. Hujua lugha ya kazi, pengine huvaa hata fulana yenye nembo. Dalili yake haibadiliki: fedha anayodai haina kontrol namba, au namba anayotoa ni ya simu ya mtu. Kwenye malipo halali, simu huonyesha jina la taasisi kabla ya mlipaji kuthibitisha. Nguzo, waya wa kutoka nguzoni na mita vimo ndani ya makadirio yale yale. Anayetaka nyongeza kwa ajili ya kimojawapo anadai kitu kilichokwishalipiwa.

Siku ya kuunganishwa, mwenye nyumba asiridhike na taa kuwaka tu. Awashe vitu vizito vyote kwa pamoja, aone kama mwanga unafifia, na arudie jaribio hilo saa moja usiku, wakati mtaa mzima unapika na kutazama televisheni. Mwanga ukififia jioni tu, tatizo liko kwenye laini ya mtaa na ni la kuripotiwa. Ukififia hata mchana, mkandarasi arudi. Anunue tokeni ndogo ya kwanza kwa namba ya mita aliyopewa na ahakikishe jina linalotokea kwenye simu ni lake. Na asishangae uniti zikipungua mwanzoni mwa mwezi: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku.