Siku Kumi Nyuma ya 0.038: Kuandika Ukubwa wa Athari Kando ya Thamani ya p

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la tiba ya saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea au isiyoweza tena kuondolewa kwa upasuaji. Wagonjwa 569 waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipewa jemsitabini, dawa iliyokuwa tiba ya kawaida ya ugonjwa huo wakati huo. Kundi la kwanza liliongezewa kidonge cha erlotinibu kila siku, na kundi la pili liliongezewa kidonge cha kufanana nacho kisichokuwa na dawa ndani yake. Swali kuu lilikuwa moja: je, walioongezewa erlotinibu waliishi muda mrefu zaidi?

Jibu la kitakwimu lilikuwa ndiyo. Thamani ya p ilikuwa 0.038, chini ya mpaka wa 0.05 uliozoeleka katika tafiti za tiba. Kwa lugha ya majarida, tofauti hiyo ilikuwa «muhimu kitakwimu». Lakini mgonjwa akiuliza ameongezewa muda gani, tarakimu hiyo haina jibu. Jibu limo katika tarakimu nyingine za jaribio lilelile. Katika kundi la erlotinibu, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ilipofika miezi 6.24, na katika kundi jingine ilipofika miezi 5.91. Tofauti ni theluthi moja ya mwezi, yaani siku kumi hivi.

Tarakimu hizo mbili, 0.038 na siku kumi, hazipingani. Kila moja inajibu swali lake, na kosa hutokea pale ya kwanza inapofanywa kujibu swali la pili.

Thamani ya p huanza na dhana kwamba dawa haileti tofauti yoyote. Kisha huuliza: kama dhana hiyo ni kweli, ni mara ngapi bahati ya mgawanyo wa wagonjwa peke yake ingezaa tofauti kubwa kama hii iliyoonekana, au kubwa zaidi? Jibu la 0.038 lina maana ya mara nne hivi katika kila majaribio mia moja. Halisemi kwamba uwezekano wa dawa kutofanya kazi ni asilimia 3.8, wala halisemi dawa inafanya kazi kwa kiasi gani. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikieleza wazi kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa athari wala uzito wa matokeo.

Katika Kiswahili mtego huu ni mkali zaidi, kwa kuwa neno «muhimu» katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya jambo kubwa, lenye uzito. Anayesoma kwamba dawa imeleta «tofauti muhimu» hafikirii bahati na sampuli, bali hufikiria nafuu atakayoihisi mwilini. Ndiyo sababu neno «kitakwimu» halipaswi kuachwa, na hata likiwapo, halitoshi kama ukubwa wa tofauti yenyewe haukuandikwa kando yake.

Sababu ya tofauti ndogo kupata thamani ndogo ya p hudhihirika kwa mfano wa kubuni wenye hesabu rahisi. Tuseme dawa fulani inashusha shinikizo la damu la juu kwa milimita 1 ya zebaki zaidi ya dawa ya zamani. Tuseme pia kwamba mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi wagonjwa wanavyotofautiana wenyewe kwa wenyewe, ni milimita 15. Kila kundi likiwa na wagonjwa 100, kosa la makadirio ya tofauti hiyo huwa milimita 2.1 hivi, nayo thamani ya p huwa 0.64. Hapo mtafiti ataandika kwamba hakuona tofauti muhimu kitakwimu. Kila kundi likiwa na wagonjwa 5,000, kosa la makadirio hupungua hadi milimita 0.3, na thamani ya p hushuka hadi 0.0009. Sasa mtafiti ataandika kwamba tofauti ni muhimu sana kitakwimu.

Dawa haikubadilika. Milimita ni ileile moja, na kilichobadilika ni idadi ya watu waliopimwa. Kadiri idadi inavyoongezeka ndivyo kosa la makadirio linavyopungua, mpaka hata tofauti isiyo na faida kwa mgonjwa mmoja mmoja inavuka mpaka wa 0.05. Mtu mmoja akipimwa shinikizo la damu mara mbili asubuhi moja, vipimo vyake huweza kupishana kwa zaidi ya milimita 1 bila dawa yoyote.

Njia moja ya kuandika ukubwa wa athari ni kuigawa tofauti kwa mkengeuko sanifu. Katika mfano huu ni 1 kugawanya kwa 15, yaani 0.07 kwa kukaribisha. Mwanasaikolojia wa Marekani Jacob Cohen alipendekeza 0.2 ihesabiwe athari ndogo, 0.5 ya wastani na 0.8 kubwa, lakini yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba viwango hivyo visitumiwe bila kutazama mazingira. Kwa kipimo hicho, 0.07 haifikii hata athari ndogo. Hata hivyo, katika tiba kipimo cha asili mara nyingi hueleweka zaidi: milimita za zebaki, siku za kuishi, au idadi ya wagonjwa katika kila mia.

Kando ya ukubwa wa athari huandikwa masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mpaka wa chini na wa juu wa athari zinazopatana na takwimu zilizokusanywa. Katika jaribio la wagonjwa 5,000 kwa kila kundi, masafa ni milimita 0.4 hadi 1.6, kwa hiyo msomaji anajua kwamba hata katika hali bora athari ni ndogo. Katika jaribio la wagonjwa 100 kwa kila kundi, masafa huanzia milimita 3.2 upande wa madhara hadi milimita 5.2 upande wa faida. Jaribio hilo dogo halikuonyesha kwamba dawa hizo mbili zinalingana, ila lilishindwa kujua. Thamani ya p ikiandikwa peke yake, mambo hayo mawili yangefichika.

Katika jaribio la saratani ya kongosho, ukubwa wa athari uliandikwa kwa njia zaidi ya moja, na kila njia hugusa sikio la msomaji kwa namna yake. Ya kwanza ni uwiano wa hatari, uliokuwa 0.82. Maana yake ni kwamba, kwa wastani wa kipindi cha ufuatiliaji, kasi ya vifo katika kundi la erlotinibu ilikuwa kama asilimia 82 ya kasi ya kundi jingine. Hapo ndipo hupatikana kauli kwamba dawa «ilipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 18». Kauli hiyo ni sahihi kihesabu, lakini mgonjwa akiisikia peke yake huenda akadhani kwamba katika kila wagonjwa mia, kumi na wanane waliokolewa. Sivyo. Hiyo ni kasi ya vifo ikilinganishwa na kasi nyingine, nayo katika ugonjwa huu ni kubwa kwa makundi yote mawili. Masafa ya uhakika ya uwiano huo yalikuwa 0.69 hadi 0.99. Mpaka mmoja unaashiria faida ya kutajika, na wa pili unakaribia kabisa kutokuwapo kwa faida.

Njia ya pili ni ile ya siku kumi. Nayo ina upungufu wake, kwani hutazama nukta moja tu, pale nusu ya wagonjwa walipokuwa wamefariki. Njia ya tatu ni kuhesabu walio hai baada ya mwaka mmoja: asilimia 23 katika kundi la erlotinibu na asilimia 17 katika kundi jingine. Katika kila wagonjwa mia, sita zaidi walikuwa hai. Kwa maneno mengine, wagonjwa kama 17 wangehitaji kupewa dawa hiyo ili mmoja zaidi afikishe mwaka.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba dawa haikufanya lolote, kama vile si haki kuiita mafanikio makubwa kwa sababu ya 0.038. Ni faida ndogo iliyokadiriwa bila uhakika mkubwa, na haikuja bure: vipele vya ngozi na kuharisha vilionekana zaidi kwa waliomeza erlotinibu. Tarakimu hizo zikiwekwa mezani pamoja, uamuzi unawezekana. Mgonjwa mmoja ataona kwamba nafasi ya sita zaidi katika mia inastahili usumbufu na gharama. Mwingine ataona afadhali miezi hiyo aipitishe bila kuharisha.

Udogo wa athari, basi, si hukumu ya moja kwa moja. Milimita moja ya shinikizo la damu haimtoshi mgonjwa kubadili dawa nafuu aliyoizoea kwa dawa ghali. Lakini hatua ya bei ndogo isiyo na madhara, inayoweza kuwafikia mamilioni ya watu, huweza kustahili kufikiriwa hata athari yake kwa mtu mmoja ikiwa ndogo. Uzito wa athari hupimwa pamoja na gharama, madhara na idadi ya watakaofikiwa, na hayo yote hayamo katika thamani ya p.

Mwongozo wa kimataifa wa kuandika ripoti za majaribio ya tiba, uitwao CONSORT, unataka kila tokeo kuu liandikwe pamoja na ukubwa wa athari na masafa yake. Kwa matokeo ya ndiyo au hapana, kama vile kuwa hai au kufariki, toleo lake la mwaka 2010 linapendekeza tofauti kamili na tofauti linganishi ziandikwe zote mbili. Mhudumu wa afya anayesoma muhtasari wa utafiti anaweza kuutumia mwongozo huo kama kipimo. Sentensi isemayo, «Erlotinibu iliongeza muda wa kuishi kwa kiwango muhimu kitakwimu (p = 0.038)», ni pungufu. Iliyo kamili husema: «Nusu ya wagonjwa walioongezewa erlotinibu waliishi zaidi ya miezi 6.24, na nusu ya wasioongezewa zaidi ya miezi 5.91, uwiano wa hatari ni 0.82, masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.69 hadi 0.99, p = 0.038, walio hai baada ya mwaka ni asilimia 23 dhidi ya 17.»

Mgonjwa naye hahitaji kujua hesabu hizo ili aulize vyema. Akiambiwa kwamba dawa mpya imethibitishwa kuwa bora, anaweza kumwuliza daktari: katika watu mia wenye hali kama yangu, ni wangapi hufikisha mwaka bila dawa hii, na ni wangapi wakiwa nayo? Na katika hao mia, ni wangapi hupata madhara? Kama ripoti ya utafiti haina tarakimu za kujibu maswali hayo, daktari hataweza kuzitoa katika thamani ya p.