Kona 48 za Stelvio

Mwaka 1820 mhandisi Carlo Donegani alianza kujenga barabara ya kuvuka milima ya Alpi huko Stelvio, ambako leo ni kaskazini mwa Italia, kwa agizo la Dola ya Austria. Lakini mlima hupimwa kabla ya sururu kugusa mwamba.

Kutoka kijiji cha Prato, mita 900 hivi juu ya bahari, hadi kwenye kipito, mita 2,757, kuna umbali wa kilomita 15 hivi kwa mstari ulionyooka. Barabara ingepanda mita 12 kwa kila mita 100, mzigo mzito mno kwa farasi. Dawa ni kuirefusha. Kwa kilomita 25 hivi, mpando unapungua hadi mita 7 au 8. Hizo ndizo kona kali 48 za upande huo.

Mpimaji hupenda kuanzia juu, maana kipito hakihamishiki. Huteremka akipigilia vigingi kwa mwinamo aliouchagua. Akikuta ukanda usio na miti mikubwa, wenye miche iliyolalia bondeni, anajua theluji huporomoka hapo. Hugeuza kona kabla ya kuufikia, hata kama hesabu inamruhusu kupita.