Orodha ya Kukusanya Bidhaa: Kutoka Rafu hadi Rafu Ghalani

Orodha ya kukusanya bidhaa, ambayo mfanyakazi wa ghala hupewa mwanzoni mwa zamu, huwa karatasi au huonekana kwenye kioo cha skana ya mkononi. Kila mstari wake unaeleza mahali pa kwenda, bidhaa ya kuchukua na idadi yake. Kinachotangulia ni mahali, kwa sababu muda mwingi wa kazi hii huishia kwenye kutembea.

Mahali huandikwa kwa anwani. B-16-2, kwa mfano, ni kichochoro B, safu ya 16, ngazi ya 2 kutoka chini. Maghala mengi huweka namba witiri upande mmoja wa kichochoro na namba shufwa upande wa pili. Kwa hiyo mfanyakazi akishaiona anwani, anajua ageukie upande upi kabla hajafika.

Tuchukue ghala lenye vichochoro vitatu, A, B na C, kila kimoja kikiwa na safu 20. Safu ya 1 iko karibu na meza ya kufungashia, na ya 20 iko mwisho kabisa. Mwenye duka ameagiza majani ya chai (C-05-2), mafuta ya kupikia (A-04-1), dawa ya meno (B-03-3), unga (A-15-1), sabuni (B-16-2) na viberiti (C-12-2). Akifuatwa jinsi alivyoagiza, toroli litazunguka ghala lile lile mara kadhaa.

Kupanga anwani kwa herufi na namba kunasaidia, lakini hakutoshi. Mfanyakazi anayemaliza A-15 hutokea mwisho wa kichochoro A na kuingia B kwa upande wa safu ya 20. Orodha ikimtaka aanzie B-03, ataipita B-16 bila kusimama, kisha airudie, halafu ashuke tena mbele ili aingie C: safu 26 za bure. Mpangilio unaofaa hupanda A, hushuka B na kupanda C, kama nyoka anavyojipinda. Hivyo orodha inakuwa A-04, A-15, B-16, B-03, C-05, C-12.

Njia hiyo pia inategemea bidhaa zilivyopangwa. Mafuta na unga vimewekwa kichochoro A ili vitangulie kuingia kwenye toroli na vikae chini. Chai na viberiti vinakuja mwisho, juu ya mzigo. Vikibadilishana nafasi, mfanyakazi atalazimika kuupanga mzigo upya njiani, au afikishe paketi zilizopondeka.

Akifika kwenye rafu, mfanyakazi huskani kwanza lebo ya anwani, kisha msimbopau wa bidhaa, halafu huthibitisha idadi. Anwani hutangulia kwa sababu bidhaa moja inaweza kukaa kwenye rafu mbili. Ikiskaniwa bidhaa peke yake, huenda kompyuta ikapunguza hesabu ya rafu ambayo haikuguswa, na atakayefuata aikute ile nyingine tupu.

Skana ikikataa, mara chache sana huwa imesoma vibaya. Tarakimu ya mwisho ya msimbopau hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, na hesabu isipolingana usomaji hutupwa. Kinachokataliwa kwa kawaida ni bidhaa nyingine, au kifungashio kingine. Kipande cha sabuni huwa na msimbo wa tarakimu 13, na katoni yake mara nyingi wa tarakimu 14. Orodha ikitaka vipande 12, na katoni ina 24, kuskani katoni kutaleta mlio wa kukataa.

Idadi, hata hivyo, skana haiioni. Aliyeskani kipande kimoja na kuandika 12 anaweza kuwa amechukua 11. Hapo ni kuhesabu kwa mkono tu. Skana pia haina kinga dhidi ya mfanyakazi anayebandika nakala za lebo kwenye toroli na kuziskani hapo hapo. Huyo hugunduliwa kwa saa: anwani zilizo mbali zinaonekana zimethibitishwa ndani ya sekunde chache.

Rafu inapopungukiwa, tuseme unga umeagizwa mifuko 6 na ipo 4, mfanyakazi huthibitisha 4 na kuandika upungufu. Hajazi pengo kwa kuchukua mifuko ya rafu jirani bila kuiskani, maana hapo hesabu za rafu mbili zingeharibika kwa pamoja. Taarifa hiyo humfanya msimamizi aagize rafu ihesabiwe upya, au ishushiwe mzigo kutoka ngazi za juu.

Orodha hufungwa pale tu kila mstari unapokuwa na idadi iliyothibitishwa au upungufu ulioandikwa. Baada ya hapo toroli huenda kwenye meza ya kufungashia.